Mishumaa ya Bei na Mstari wa Faranga

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana ameinamia simu yake, akitazama vijumba vya kijani na vyekundu vilivyopangwa safu moja, vingine juu vingine chini. Akiulizwa, hujibu kwamba asoma bei za fedha za kigeni, na kwamba chati yamwonyesha ziendako. Kisha huja ombi: akiba ya chama, au mkufu wa mama uwekwe rehani, kwa kuwa bei imefika mahali isipoweza kushuka zaidi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tutakayoyapima wiki hii. Hukumu ya biashara yenyewe, pamoja na mikopo na riba ziandamanazo nayo, twawaachia mashekhe wetu. Sisi twataka kujua chati yajua nini, na isilojua ni lipi.

Tuanze na kile kijumba kimoja, ambacho wenyewe hukiita mshumaa. Desturi ya kuchora bei namna hii ilitoka Japani, ambako wafanyabiashara wa mpunga walikuwa na soko kubwa Osaka tangu karne ya 18. Mshumaa mmoja wabeba bei nne za kipindi kimoja: ya kufungulia, ya kufungia, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Tuseme kreti ya nyanya sokoni Kongowea ilianza asubuhi kwa shilingi 4,000, ikashuka hadi 3,600, ikapanda hadi 4,500, na jioni ikafunga kwa 4,300. Mwili wa mshumaa utachorwa baina ya 4,000 na 4,300, nao utakuwa wa kijani kwa sababu siku ilifunga juu ya ilikoanzia. Juu ya mwili utatoka utambi mwembamba hadi 4,500, na chini utambi mwingine hadi 3,600. Lau jioni bei ingekuwa chini ya ile ya asubuhi, mwili ungekuwa mwekundu.

Msomaji wa chati akiuona utambi mrefu wa chini, husema: wauzaji waliisukuma bei, wanunuzi wakatokea, wakairudisha. Kauli hiyo si ya uongo. Lakini tazama mshumaa usilosema. Hausemi kama bei ilishuka kwanza ndipo ikapanda, au ilipanda kwanza ndipo ikashuka. Siku mbili zisizofanana kabisa zaweza kuacha mshumaa mmoja. Hausemi kama bei ya 3,600 ilipatikana kwa kreti mia au kwa kreti moja ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Wala hausemi sababu: kama ni mvua, au lori lililokwama njiani. Mshumaa ni kumbukumbu ya yaliyokwisha kutendeka, iliyofupishwa mno.

Mishumaa ikipangwa mingi, jicho huanza kuona umbo. Bei hushuka, hufika mahali fulani, hupanda tena. Baada ya wiki hushuka, ikafika palepale, ikarudi juu. Msomaji wa chati huunganisha ncha hizo za chini kwa mstari mmoja, akauita mstari wa tegemeo. Dai lake ni kwamba pale pana wanunuzi, na kwamba kadiri bei inavyougusa mstari ikageuka, ndivyo mstari unavyozidi kuaminika. Bei ikivunja mstari na kufunga chini yake, tegemeo limekwisha, naye hutoka.

Dai hilo lina msingi wake. Watu hukumbuka bei, na maagizo ya kununua na kuuza hurundikana kwenye tarakimu kamili na kwenye bei zilizotangazwa. Mchumi Carol Osler alilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York. Alichukua mistari ambayo makampuni yaliwatangazia wateja wao katika soko la fedha za kigeni, akailinganisha na mistari iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Bei ziligeuka kwenye mistari ya makampuni mara nyingi zaidi kuliko kwenye ile ya kubahatisha, ila tofauti haikuwa kubwa. Na mistari ambayo makampuni yenyewe yaliisifu kuwa na nguvu zaidi haikuonekana kuwa bora kuliko mingine. Basi mstari si uzushi mtupu, lakini faida yake ni ya kipimo kidogo, nayo yategemea wanunuzi waliopo nyuma yake. Chati haimwonyeshi mnunuzi huyo ni nani, wala atakaa hadi lini.

Kisa cha faranga ya Uswisi chalionyesha hilo wazi kuliko kingine tukijuacho. Mwaka 2011 Ulaya ilikuwa katika msukosuko wa madeni, na watu wengi wakakimbilia faranga. Thamani yake ikapanda hata viwanda vya Uswisi vikapata taabu kuuza nje. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ikatangaza kwamba haitakubali yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20, na kwamba itanunua yuro bila kikomo kuilinda bei hiyo. Tangu siku hiyo chati ya `EUR/CHF` ikawa na mstari wa tegemeo ulionyooka kama rula. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 2012 bei ilikaa juu kidogo tu ya 1.20, mishumaa ikawa mifupi, karibu haina mwili. Ilipanda, ikashuka, na mwisho wa mwaka 2014 ikarudi palepale mlangoni.

Mtu aliyefundishwa kusoma chati angeona nini? Angeona tegemeo lililodumu zaidi ya miaka mitatu, na benki kuu ikiwa mlinzi wake. Wengi walifanya hesabu nyepesi: nunua yuro kwa 1.2010, weka agizo la kukata hasara chini kidogo ya 1.20, ungoje ipande. Ukikosea wapoteza kidogo. Ukipatia wapata zaidi.

Hapa ndipo chati ilipowapoteza. Kila mara bei ilipoukaribia mstari ikazuiwa, chati ilihesabu nguvu. Lakini nyuma ya chati, kuzuiwa huko kulimaanisha kwamba Benki Kuu ilikuwa tayari kutoa faranga mpya na kununua yuro. Kufikia mwisho wa mwaka 2014 akiba yake ya fedha za kigeni ilikuwa karibu faranga bilioni 500. Wakati huohuo Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa ikitarajiwa kuanza ununuzi mkubwa wa hati za madeni, jambo ambalo lingeidhoofisha yuro zaidi. Na kweli ilitangaza hivyo tarehe 22 Januari 2015. Mlinzi wa mstari alikuwa akielemewa na mzigo, na alama ya mzigo huo katika chati ndiyo hiyohiyo alama ya uimara. Boriti iliyoliwa na mchwa ndani, ukiitazama kwa nje, hubaki imenyooka.

Tarehe 12 Januari 2015 Makamu Mwenyekiti wa Benki hiyo, Jean-Pierre Danthine, alisema hadharani kwamba kiwango hicho lazima kibaki kuwa nguzo ya sera yao. Siku tatu baadaye, Alhamisi tarehe 15, yapata saa sita unusu mchana kwa saa zetu, Benki ilitangaza kwamba imekiondoa. Yuro ilianguka kutoka 1.20 hadi chini ya 0.90 kwa dakika chache, kisha ikarudi ikatulia karibu na faranga moja. Bei ya chini kabisa ilitofautiana kutoka jukwaa moja hadi jingine, kwa kuwa fedha za kigeni hazina soko moja kuu, na kila dalali huchora mishumaa yake kwa bei zake mwenyewe.

Sasa tumfuate mtu mmoja wa kubuni, tuone hasara yake. Ana faranga 1,000 katika akaunti. Kwa mkopo wa dalali amenunua yuro 10,000 kwa bei ya 1.2010, na agizo lake la kukata hasara liko 1.1980. Tofauti ni 0.0030, mara 10,000, ni faranga 30. Hiyo ndiyo hasara kubwa aliyoikubali moyoni, na ndiyo angewaambia jamaa zake nyumbani. Lakini agizo lile si ahadi ya bei. Lasema tu: bei ikifika hapa, uza kwa bei itakayopatikana. Siku ile baina ya 1.1980 na bei za chini sana hapakuwa na mnunuzi. Tuseme agizo lake lilipata mnunuzi kwenye 1.0000. Tofauti ni 0.2010, mara 10,000, ni faranga 2,010. Faranga zake 1,000 zimekwisha zote, na bado adaiwa 1,010.

Hayo yaliwapata watu wengi. Kampuni ya udalali ya FXCM ya Marekani ilitangaza kwamba wateja wake wamebaki na deni la takriban dola milioni 225, ikalazimika kukopa dola milioni 300 ili isimame. Tawi la Uingereza la Alpari lilitangaza kufilisika siku iliyofuata. Katika chati ya siku ile pamebaki mshumaa mmoja mrefu mno, na utambi wa chini unaoning'inia. Mishumaa iliyoutangulia ilikuwa mifupi na mitulivu, haina dalili ya lijalo.

Hatusemi kwamba kila mstari huvunjika hivi. Mingi huvunjika polepole, na mtu hutoka na hasara aliyoipanga. Twasema kwamba mstari huhesabu yaliyopita, hali uamuzi wa mtu mmoja mwenye uwezo waweza kuufuta kwa dakika. Kwa hiyo mwanao akikuonyesha mstari na kusema bei haiwezi kushuka zaidi, muulize mambo matatu. Kwanza, ni nani anayenunua pale, na kitu gani chaweza kumfanya aache? Pili, amekopa mara ngapi ya fedha yake? Aliye na faranga 1,000 akanunua yuro 800 tu bila mkopo, siku ile angepoteza kama faranga 161, naye asingedaiwa na mtu. Tatu, bei ikiruka agizo lake, deni litakalobaki ni la nani? Ajibu kwa maandishi kutoka kwa dalali wake, na dalali huyo awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hapa Kenya, ili malalamiko yawe na pa kupelekwa.

Akishindwa kulijibu lile la kwanza, basi alichonacho ni picha ya bei za jana, na mkufu ubaki kabatini.