Kukariri Vitufe Si Kuujua Mfumo

Viwandani mwetu kuna imani iliyozoeleka mno: kwamba opereta wa mashine hahitaji mfumo wa ERP kwa Kiswahili, kwa kuwa skrini zake ni chache na vitufe atavikariri ndani ya wiki. Imani hii ni potofu, na hasara yake hulipwa stoo. Ni kweli opereta hukariri. Lakini anachokariri ni siku ya kawaida: fungua oda, andika idadi, bonyeza, maliza. Siku hiyo mfumo haumuulizi kitu. Humuuliza siku mambo yanapokwenda kombo, na hapo ndipo jibu lake linapokuwa na uzito.

Chukua mfano wa kiwanda cha sabuni kinachotumia Odoo. Oda ni ya katoni 500, na kila katoni hutumia kilo 10 za malighafi. Shifti inakwisha na katoni nzuri 430. Nyingine 70 zimeharibika kwenye mashine ya kukata. Opereta anaandika 430 na kufunga kazi. Mfumo unaona upungufu na kumpa chaguo: `Create Backorder` au `No Backorder`. Kitufe cha kwanza hufungua oda mpya ya katoni 70 zilizosalia; cha pili hufunga hesabu bila kusubiri zaidi. Aliyefundishwa kubonyeza kitufe chenye rangi atabonyeza cha kwanza. Tangu hapo mpangaji wa uzalishaji anasubiri katoni 70 ambazo hakuna anayezitengeneza. Tena, kama hakuna aliyesahihisha matumizi, mfumo umetoa stoo kilo 4,300 kwa kufuata fomula ya katoni 430, ilhali mashine imekula kilo 5,000. Kilo 700 zipo kwenye kompyuta tu. Hata kitufe cha pili peke yake kisingeziondoa. Ilipasa matumizi yasahihishwe au uharibifu uandikwe, na hilo halifanywi na mtu asiyeelewa alichoulizwa.

Dalili za ugonjwa huu zinaonekana kwenye ripoti. Oda ndogondogo za mabaki hukaa wazi miezi na miezi, na kila stoo inapohesabiwa, malighafi ileile huonekana pungufu. Mameneja wengi hukimbilia kusema ni wizi. Wizi upo, lakini mwizi hafungui oda ya mabaki. Upungufu unapolingana na oda zilizoachwa wazi, tatizo liko kwenye skrini.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kinayo, ila hayapatikani kwa kugeuza neno moja la Kiingereza kuwa neno moja la Kiswahili. Kitufe kinapaswa kusema kitakachotokea: “Fungua oda ya zilizobaki” na “Funga, hazitatengenezwa tena”. Maneno yachukuliwe yale yanayotumika kazini, yaani oda, stoo, shifti na batchi, kisha yapelekwe kwa maopereta wachache waeleze kwa kinywa chao kila kitufe kitafanya nini. Wakikosea, tafsiri ndiyo iliyokosea.

Wengine wanahofia kwamba makao makuu na mafundi wa mfumo hawataelewa ripoti. Hofu hii haina msingi, kwani lugha huchaguliwa kwa kila mtumiaji. Mhasibu ataona Kiingereza, opereta ataona Kiswahili, na rekodi ni ileile, yenye namba ileile ya oda na msimbo uleule wa bidhaa. Hoja nzito zaidi ni ya gharama: toleo jipya la mfumo huleta maandishi mapya yasiyo na tafsiri. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu ya kutotafsiri kila kitu. Skrini za uzalishaji, ujumbe wa makosa na ripoti ya mwisho wa shifti vitangulie. Leja ya mhasibu inaweza kusubiri. Apewe mtu mmoja jukumu la kukagua sehemu hizo kabla toleo jipya halijafika kiwandani.

Lakini kuwasha Kiswahili kwenye mipangilio hakumalizi kazi. Sababu za mashine kusimama, majina ya bidhaa na maelekezo ya kazi huandikwa na kiwanda chenyewe, hivyo hubaki katika lugha yalimoandikwa mpaka kiwanda kiyatafsiri. Maelezo ya mafunzo nayo yaache kuhesabu vitufe. Yaanze na maswali: katoni zimepungua, ufanye nini? Malighafi imezidi, uandike wapi? Mfanyakazi aliyehitimu shule ya msingi ya serikali Tanzania kwa kawaida alisoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na uwezo wake wa kupima na kuamua anao katika lugha hiyo. Kiwanda kinachomwekea skrini ya Kiingereza kinamlipa kwa uwezo huo, kisha kinamzuia kuutumia pale tu unapohitajika.