Pakiti ya ORS: picha ya zamani isikudanganye

Mama zangu wa Mkolani na kwingineko, leo naongea kidogo kwa uchungu.

Juzi mama mmoja kaleta mtoto wa mwaka na nusu, anaharisha siku ya pili, macho yameanza kuingia ndani. Nikamuuliza, "Mama, ORS hukupata?" Akasema, "Nilinunua nesi, ila ilikuwa feki, nikaitupa." Akafungua simu akanionesha picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani cha afya. Pakiti ya kwenye picha ilikuwa na gramu 27.9. Ile aliyonunua iliandikwa gramu 20.5. Akaona kapunjwa.

Hakupunjwa jamani. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha mchanganyiko wa ORS. Zamani pakiti ya lita moja ilikuwa na glukosi, yaani sukari, gramu 20 na chumvi ya kawaida gramu 3.5. Sasa glukosi ni gramu 13.5 na chumvi 2.6. Ilionekana kwamba maji yasiyo mazito sana hupunguza choo na kutapika, na watoto wachache zaidi huhitaji dripu. Kwa hiyo upungufu ule ndio uboreshaji wenyewe.

Hatari nyingine ni ujazo. Siku hizi kuna pakiti za nusu lita, zenye gramu kama 10 hivi. Ukifuata picha ya zamani ukaimimina kwenye lita nzima, dawa inakuwa nyepesi nusu. Na ukiona gramu 20.5 "haitoshi" ukaongeza pakiti ya pili kwenye lita ileile, chumvi na sukari zinapitiliza, na mtoto anaweza kuharisha zaidi.

Ndiyo maana mimi nasema picha isiyo na mwaka haifai kuhukumu dawa. Hukumu kwa pakiti iliyo mkononi. Soma kwanza inataka maji kiasi gani, kisha tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, ikiwa safi, inatosha kupimia. Unga uwe mkavu; ukiganda au ukibadilika rangi, usitumie. Ukishakoroga, mwaga kilichobaki baada ya saa 24.

Sisemi dawa feki hazipo. Zipo. Ila rangi mpya au gramu pungufu kuliko za kwenye picha si ushahidi. Ukiwa na shaka, usiitupe. Njoo nayo kituoni au ipeleke kwa mfamasia, aitazame.

Na mtoto akishindwa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri kulinganisha picha. Mbebe uje naye saa hiyohiyo.