Mdosi alipwe vipi ndio akulindie hisa zako?

Mwaka 2018 jamaa mmoja Marekani aliyekuwa na hisa 9 tu za Tesla, tisa peke yake, aliishtaki bodi ya kampuni hiyo kortini. Alidai mkataba wa malipo ya Elon Musk ulikuwa mnono kupita kiasi, na kwamba walioupitisha hawakuwa huru. Januari 2024 jaji wa Delaware akamkubalia na kuufuta mkataba huo uliokadiriwa kuwa wa dola bilioni 56. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaurudisha.

Ukiwa na hisa za Safaricom au KCB kwenye simu yako, kesi hii inakuhusu. Wewe ndiye mwenye kampuni, lakini huendi ofisini. Kuna mtu unayemlipa akuendeshee mali, naye anajua mambo ambayo wewe huyajui. Wasomi Jensen na Meckling waliliandikia tatizo hili mwaka 1976: meneja asiyemiliki kampuni yote anabeba kipande kidogo tu cha hasara ya uamuzi mbaya, ilhali starehe za ofisi anazila peke yake. Kwa Kiswahili tuliite tatizo la uwakala. Kumfuata meneja kila saa haiwezekani, kwa hivyo dawa inayotumika sana ni mkataba wa malipo. Shida ni kwamba kila mkataba humfunza meneja tabia fulani, na si lazima iwe ile uliyoitaka.

Chukua bonasi ya faida ya mwaka, ambayo ndiyo ya kawaida. Tuseme mdosi anapata milioni 10 faida ikifika milioni 500. Oktoba inafika, hesabu inaonyesha mwaka utaishia milioni 480. Atafanya nini? Ataahirisha ukarabati wa mashine hadi Januari, atasimamisha mafunzo ya wafanyakazi, atawasukumia wauzaji wa jumla mzigo wa ziada Desemba ili uhesabiwe kama mauzo. Milioni 500 hiyoo! Lakini mashine inaharibika Machi, na wauzaji wa jumla hawaagizi kitu hadi Aprili. Na kama Oktoba hesabu ingeonyesha milioni 350, kusema kweli angekata tamaa na kusukuma gharama zote ndani ya mwaka huo mbaya ili ujao uwe rahisi. Ukiona kampuni ambayo kila mwaka inavuka lengo kwa unywele, huku pesa inazodai wateja zikikua haraka kuliko mauzo, hapo shtuka.

Basi mpe kitu kinachofuata bei ya hisa, si ndio? Hapo ndipo wengi huchanganya vitu viwili. Kuna opsheni, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyowekwa leo. Halafu kuna hisa zenyewe, zilizofungiwa miaka kadhaa kabla aruhusiwe kuziuza. Zinafanana kwa mbali, lakini zinamsukuma mtu njia tofauti kabisa.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Hisa leo ni bob 20. Meneja ana miradi miwili mezani. Wa kwanza ni wa uhakika, utapeleka bei hadi 24. Wa pili ni kamari ya kurusha sarafu: bei iende 34 au ianguke hadi 8, wastani wake ni 21. Wewe mwenye hisa unataka wa kwanza, bila mjadala.

Sasa mpe meneja opsheni milioni moja za kununua kwa bob 20. Mradi wa uhakika unampa faida ya bob 4 kwa kila hisa, yaani milioni 4. Kamari ikienda vizuri anapata milioni 14, ikienda vibaya anapata sufuri, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kununua kwa 20 kitu cha bob 8. Wastani wake ni milioni 7. Atacheza kamari, na hasara ikija itakuwa yako.

Badala yake mpe hisa laki nne zilizofungwa miaka mitatu. Mradi wa uhakika unamfanya awe na mali ya milioni 9.6. Kamari, kwa wastani, milioni 8.4. Bei ikianguka, naye anaanguka na wewe. Atachagua kile ambacho ungekichagua.

Usikimbilie kusema opsheni ni mbaya, hata hivyo. Wewe unaweza kugawa akiba yako katika kampuni kumi. Meneja ana kazi moja, na ukimpa hisa tupu anaweza kuwa mwoga hata wa hatari yenye faida. Kwa kampuni changa inayobuni kitu kipya, opsheni humpa moyo wa kujaribu. Kwa benki, ambayo inacheza na pesa za wawekaji, mimi ningeogopa sana opsheni nyingi.

Turudi kwa Musk. Mkataba wa 2018 haukuwa na mshahara wala bonasi. Ulikuwa na vipande 12 vya opsheni, kila kimoja takriban asilimia 1 ya hisa. Kipande cha kwanza kilihitaji thamani ya Tesla sokoni ifike dola bilioni 100, kisha kila kingine bilioni 50 zaidi, hadi 650. Bei ya hisa peke yake haikutosha: kila kipande kilidai pia lengo la mauzo au la faida. Na akishanunua hisa, alitakiwa kuzishikilia miaka 5. Ukiusoma hivyo, ni mkataba uliochongwa vizuri, na malengo yote yalifikiwa.

Mbona jaji akaufuta? Aliona kwamba waliokaa upande wa kampuni katika mazungumzo walikuwa watu wa karibu na Musk, na wenyehisa hawakuelezwa hilo sawasawa kabla ya kupiga kura. Akaongeza swali ambalo kwangu ndilo kiini: Musk tayari alikuwa na karibu asilimia 22 ya Tesla. Kila thamani ilipopanda bilioni 50, yeye alipata zaidi ya bilioni 10 bila mkataba wowote. Mtu kama huyo tayari ana sababu ya kujituma, ya ziada inanunua nini? Mahakama ya Juu iliona kuufuta mkataba mzima, baada ya kazi kufanyika miaka 6, ni adhabu iliyopita kiasi. Na Novemba 2025 wenyehisa walikuwa wameshampitishia mwingine, unaoweza kufika dola trilioni moja.

Hapa Kenya, Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka kampuni zilizo sokoni zitoe ripoti ya malipo ya wakurugenzi, na wenyehisa wanaipigia kura kwenye mkutano mkuu. Wengi huiruka na kwenda moja kwa moja kwa gawio. Ripoti ya mwaka ikitoka, ifungue sehemu hiyo. Tazama malipo ya mdosi yanategemea faida ya mwaka mmoja au kitu cha miaka mitatu na kuendelea. Tazama kama anafungiwa hisa, na kama bonasi inaweza kudaiwa irudishwe hesabu zikipatikana zilipikwa. Kisha tazama majina ya kamati iliyopanga hayo malipo, na ni nani aliyewaleta kwenye bodi.