Manowari za Chuma Zilipokutana

Juma hili twende hadi Amerika, mahali panapoitwa Hampton Roads, ambapo mto James unaingia baharini. Mwaka 1862 Waamerika wa kaskazini na wa kusini walikuwa wakipigana wao kwa wao, na manowari za kaskazini zilikuwa zimetia nanga hapo ili kuwafungia watu wa kusini njia ya bahari.

Kwanza mjue jinsi manowari za mbao zilivyopigana. Mizinga ilipangwa ubavuni, kushoto na kulia, ikichungulia katika matundu. Haikuweza kugeuzwa ila kidogo tu, basi nahodha aliyetaka kulenga ilimpasa aigeuze merikebu nzima. Kwa sababu hiyo merikebu zilifuatana mstari mmoja, zikampa adui ubavu, na kila upande ukapiga mpaka mmoja ashindwe.

Mwaka 1861 watu wa kaskazini, walipokuwa wakiikimbia bandari ya Norfolk, waliichoma moto na kuizamisha manowari yao Merrimack. Watu wa kusini wakaiopoa. Sehemu ya juu ilikuwa imeungua, lakini mashine zake zilikuwa bado zafaa ingawa zilikuwa mbovu. Juu yake wakajenga kama paa la nyumba, lenye kuta za kulala: mbao nene za futi 2, na juu ya mbao mabamba ya chuma, unene wa inchi 4. Ukuta ulilazwa makusudi, ili tufe la mzinga likigonga lirukie juu badala ya kupenya. Omoni wakatia pembe ya chuma ya kutobolea. Wakaiita Virginia.

Tarehe 8 Machi 1862 ikatoka polepole, ikaielekea Cumberland, merikebu ya matanga. Cumberland ilipiga kwa nguvu zake zote, na matufe yakarukaruka juu ya kile chuma. Virginia ikaichoma kwa pembe chini ya maji. Pembe ikanasa, na kidogo Virginia ivutwe chini pamoja na adui wake. Pembe ikakatika, nayo ikaponea hapo. Cumberland ikazama huku mizinga yake ingali inapiga, na watu zaidi ya 100 wakafa. Merikebu ya pili, Congress, iliteketea kwa moto. Ya tatu, Minnesota, ilikwama mchangani. Virginia yenyewe ilipoteza watu 2 tu.

Usiku ule ule ikafika Monitor, manowari ya kaskazini iliyobuniwa na John Ericsson, mzaliwa wa Uswidi. Sitaha yake ilikaribia kulingana na maji, na katikati palisimama mnara wa duara wa chuma, unene wa inchi 8, wenye mizinga 2 tu. Mizinga 2 mbele ya 10 ya Virginia! Lakini mnara ulizungushwa kwa mvuke. Merikebu iende itakako, mizinga ikabaki kumtazama adui.

Asubuhi zikapigana karibu saa nne, mara nyingine zikigusana, wala hakuna iliyozama. Sababu zilikuwapo. Virginia ilikuja na makombora ya kupasukia mbao, si matufe mazito ya kuvunjia chuma. Mizinga ya Monitor ilitiwa ratili 15 za baruti kwa kila pigo, kwa maana wakubwa waliogopa isije ikapasuka, ingawa baadaye ilionekana kwamba ingestahimili mara mbili yake. Tena mnara ulikuwa mgumu kuanza na mgumu zaidi kusimama, hata wapigaji wakaacha kuusimamisha. Wakapiga ukiwa unazunguka, mara adui anapopita mbele ya mzinga. Virginia nayo ilijaribu kumgonga mwenzake, lakini pembe haikuwapo tena, na kugeuka tu kuliichukua kama nusu saa. Mwishowe kombora likapiga kibanda cha nahodha Worden wa Monitor, likamjeruhi macho. Monitor ikajitenga kidogo, maji yakaanza kupwa, na Virginia ikarudi Norfolk. Kila upande ukasema umeshinda.

Mabaharia wa Ulaya walifikiri hivi: ikiwa mzinga hauwezi kutoboa chuma, basi tupigane kwa pembe. Tarehe 20 Julai 1866, karibu na kisiwa cha Lissa, Tegetthoff wa Austria aliacha mstari wa zamani, akapanga manowari zake kama ncha ya mshale, akaingia katikati ya Waitalia. Merikebu yake ikaigonga Re d'Italia, ikazama kwa dakika chache. Kila mtu akaisifu pembe. Wachache walikumbuka kwamba Re d'Italia ilikuwa imeharibika usukani na haikuweza kukwepa. Manowari yenye kwenda vizuri ni vigumu kuigonga.

Hata hivyo manowari ziliendelea kuundwa na pembe kwa miaka mingi, na mizinga ikazidi kukua mpaka ikapenya chuma kutoka mbali. Mwaka 1893, katika mazoezi karibu na Tripoli ya Lebanon, manowari ya Kiingereza Camperdown iliigonga kwa pembe mwenzake Victoria, wakafa watu 358. Hakukuwa na vita siku hiyo.