Feza imefika zaidi ya mapatano: kwa nini anaomba umrudishie?

Tuchukue mfano wa fundi mbao mmoja wa Kasha, komuni ya Bagira. Mtu anamupigia telefone, anasema yeye ni wa shirika, anataka vitanda vine. Wanasikilizana dola 60 kwa kitanda kimoja, jumla dola 240. Mteja habishani na bei. Hakuja kuangalia mbao, hakuuliza vitanda vitaisha lini. Anaomba tu numero ya konti ya fundi, anasema shirika linalipa kwa cheki.

Kisha siku mbili, fundi anafungua telefone na kuangalia konti yake. Ilikuwa na dola 310. Sasa anaona 1250. Imeongezeka dola 940, si 240. Kabla hajauliza, telefone inalia: "Papa fundi, tusamehe, kontabule wetu alikosa. Alichanganya na feza ya shofere. Chukua 240 yako, baki na 20 ya usumbufu, ile 680 utume kwa numero ya shofere. Iko njiani na haina mafuta, fanya mbio."

Fundi ni mtu mwaminifu. Feza si yake, anaona haya kukaa nayo. Anatuma 680. Konti inabaki na 570, naye anaanza kupasua mbao.

Siku kumi nyuma, banki inaondoa zile 940, kwani cheki ilikuwa ya bandia. Tupige hesabu: 570 ukitoa 940, konti iko chini ya sifuri kwa dola 370. Fundi amepoteza 310 yake yote, na tena ana deni la 370 kwa banki. Ukijumlisha ni 680, sawasawa na ile aliyotuma. Hapo njo siri yote inaonekana: 940 haikuwa feza hata siku moja. Feza ya kweli katika hadithi hii ilikuwa moja tu, ile iliyotoka kwa fundi.

Kuonekana si kufika

Wengi wanauliza: kama cheki ni mbaya, banki iliandikaje feza kwenye konti? Jibu ni kwamba cheki si feza, ni barua ya kuomba feza. Banki yako inaipokea, halafu inaomba banki ya mwenye cheki ilipe. Kazi hiyo inachukua siku, na kama cheki imetoka inchi ya kigeni inaweza kuchukua majuma. Wakati wanangojea, kuna banki zinazozuia feza hiyo, na kuna zinazoiandika kwenye konti na hata kumwacha mteja atumie, lakini kwa sharti: banki ile ingine ikikataa, tunaiondoa. Na mwenye konti njo anayedaiwa, hata kama yeye pia alidanganywa.

Mwizi anajua nafasi hiyo ya siku chache. Kwa hiyo kila mara kuna haraka: shofere hana mafuta, mgonjwa yuko hospitali, mzigo umekwama kwenye mupaka. Anataka feza yako itoke kabla cheki haijarudi.

Kwa hiyo usiulize banki, "Feza imeingia?" Watakujibu ndiyo, na hawajadanganya. Uliza hivi: "Banki ya mwenye cheki imekwisha kulipa? Feza hii inaweza tena kuondolewa?" Mpaka wakuambie kwamba imelipwa kabisa, hesabu kwamba haipo.

Kwenye telefone

Tangu banki zilipofunga milango Bukavu mwezi wa pili 2025, biashara nyingi zilihamia kwenye feza ya telefone. Mchezo nao ulihamia, na huko una sura mbili.

Sura ya kwanza ni mesaji ya uongo. Mama anayeuza unga anapokea maandishi kwamba amepokea dola 150, wakati walipatana 50. Mesaji imeandikwa kama zile za kampuni, lakini imetoka kwa numero ya kawaida ya mtu. Mara moja anapigiwa: "Mama, nilikosa kuandika, unirudishie ile 100." Hapa dawa ni rahisi. Usisome mesaji, soma salio. Kwa M-Pesa ya Vodacom unapiga *1122# wewe mwenyewe, unaingia na kuangalia kiasi kilicho ndani. Kama salio halijaongezeka, hakuna kitu kilichofika. Usikubali mtu akusomee vya kubonyeza wakati yuko kwenye laini, na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.

Sura ya pili ni ngumu zaidi, maana salio limeongezeka kweli. Feza ipo, lakini pengine imetoka kwa mtu mwingine aliyeibiwa, na anayekupigia siye mwenyewe. Anakuomba urudishe "tofauti" kwa numero ingine, si ile iliyotuma. Ukikubali, umekuwa daraja: mwizi amechukua feza safi, na mwenye kuibiwa akishitaki, alama zinafika kwako. Au yule yule aliyetuma anapokea ulichomrudishia, halafu anaenda kwa kampuni kusema alikosea, anaomba feza yake irudishwe. Kampuni ikikubali, umerudisha mara mbili.

Na kama kweli alikosa?

Makosa ya kweli yapo. Mtu anaongeza sifuri moja, au anabadili tarakimu moja ya numero. Ndiyo sababu si vizuri kula feza ya kigeni na kunyamaza. Lakini kurudisha kwa uaminifu kuna njia yake: feza irudi kwa njia ile ile iliyokuja, na mwenye kuirudisha awe banki au kampuni ya telefone.

Unaweza kumjibu hivi bila ugomvi: "Ndugu, sijagusa feza yako. Piga kwa kampuni useme ulikosa, mimi pia nitawapigia. Wao watairudisha." Kisha upige kweli, useme kiasi, saa na numero iliyotuma. Kama ni cheki, ambia banki kwamba kiasi si kile cha mapatano, na kwamba unakataa cheki yote. Mteja wa kweli ataandika ingine ya 240. Yule aliyekosa kweli atakasirika kidogo, lakini atangoja, kwani feza yake iko salama. Mwizi hawezi kungoja. Atakutisha na polisi, atakuongezea zawadi, mwisho atazima telefone. Hapo umepata jibu.

Kwa yule ambaye amekwisha kutuma, dakika ni za thamani. Piga kwa kampuni mara hiyo hiyo, uombe wazuie feza kabla haijatolewa kwa ajenti. Ikishatolewa mkononi, ni vigumu sana kuirudisha. Usifute mesaji, hata zile zinazokutia haya: numero, saa na maneno ya mwizi ni ushahidi wako mbele ya banki na mbele ya sheria. Na kama ni fundi wetu wa Kasha, asimamishe vitanda kwanza. Mbao zisizopasuliwa bado anaweza kuziuza.