Njiwa wa 200

Kuna mwandishi anayedai kwamba asiyefikisha mchezo asilimia mia ametupa pesa yake. Basi na awinde njiwa wa GTA IV! Wako 200, wamefichwa jiji zima. Takwimu za mchezo hukuambia umeua 199, lakini hazisemi aliyebaki yuko wapi. Kwa hiyo unafungua ramani ya mtu mwingine mtandaoni na kurudia kila kona. Hapo huchezi tena, unahakiki orodha.

Linganisha na tuzo ya mchezo huohuo ya kumaliza hadithi chini ya saa 30: hiyo inakulazimisha kupanga safari na kuchagua misheni. Mimi huuliza kwanza: tuzo hii itabadilisha ninavyocheza, au itanirefushia saa tu? Njiwa niliwaacha wakiruka.