Injini haifi siku moja

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hili lilinikuta. Pikipiki yangu ya kupelekea wateja mzigo hapa Boko ilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Nikapuuza. Desemba, oda zimejaa, ikazima! Kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi na ufundi: 240,000. Nikala mtaji.

Wengi tunaiita hiyo hasara ya Desemba. Mimi nakataa. Injini ilichakaa kila safari kwa miaka 2, kwa hiyo faida niliyojisifia haikuwa faida yote. Gawa 240,000 kwa miezi 24, unapata 10,000 kwa mwezi. Siku hizi naiweka laini ya pembeni, na nimeihesabu kwenye nauli ya mzigo. Ukiona moshi wa bluu, fungua injini masika, biashara ikiwa imepoa.